Dakika za Mwanzo Kwenye Ajali: Andika Kwanza Kinachofutika

Ilikuwa kijiji kimoja baada ya Chalinze ukielekea Morogoro. Lori letu lenye trela lilikuwa linakata kulia kuingia kituo cha mafuta, na pikapu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imeshatoka kuovateki. Dereva wa pikapu akakanyaga breki, matairi yakalia, gari ikakivaa kichwa cha lori ubavuni, kwenye gurudumu la mbele la kulia. Mtu mmoja alivunjika mkono, hakufa mtu. Dakika ishirini na tano baadaye mvua ikashuka. Trafiki walipofika kupima, giza lilikuwa limeshaingia, lami imelowa, na malori mengine yalikuwa yamepita juu ya kila kitu.

Siku iliyofuata nilipokea karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa ripoti ya dereva wetu, kurasa mbili safi, mwandiko mzuri, imeandikwa asubuhi baada ya kulala. Nyingine ilikuwa hati ya mzigo ambayo utingo wake alikuwa ameandika nyuma kwa kalamu iliyokuwa inakatakata wino. Karatasi hizo zilizungumzia ajali ileile na hazikukubaliana karibu katika jambo lolote la maana. Dereva hakudanganya. Namfahamu, na nilikaa naye saa nzima nikimsikiliza. Aliandika kile alichokuwa nacho kichwani asubuhi ile, na kilichokuwa kichwani asubuhi kilikuwa kimeshachanganyika na mvua, giza, winchi na maneno ya watu.

Nukuu za utingo hizi hapa, kama zilivyokuwa:

> Saa 11:52 jioni, simu 17:52. Lami kavu. Jua liko mbele yetu chini.
> Breki za pikapu: michirizi 2 imenyooka, inaanza hatua 12 baada ya kibao cha 50 ukienda Moro. Urefu hatua 41. Inaanza tayari iko kulia kwa mstari. Mstari haukatiki.
> Inaishia kwenye mchubuko wa lami + tope kavu. Mchubuko hatua 2 kulia kwa mstari.
> Lori limesimama mbele zaidi, kichwa getini.
> Indiketa kulia ya kichwa inawaka, nimeona mimi. Kabla ya kugonga sijui.
> Indiketa kulia ya trela haiwaki, ina tope.
> Mama wa mahindi: kasikia breki ndio akageuka. Simu yake nimechukua.

Tuanze na zile hatua 41, kwa sababu hapo ndipo mtu anaona kwa nini kipande cha karatasi kinaweza kuishinda ripoti ya kurasa mbili.

Matairi yakifunga na kuburuzwa kwenye lami, urefu wa mchirizi unaeleza mwendo ambao gari ilikuwa nao breki zilipoanza kushika. Wapimaji wa ajali hutumia hesabu hii:

```
V = √(254 × f × d)
```

V ni mwendo kwa kilomita kwa saa, d ni urefu wa mchirizi kwa mita, na f ni kiasi ambacho barabara inashika tairi. Kwa lami kavu gari ndogo huhesabiwa karibu 0.7, kwa lami iliyolowa inaweza kushuka mpaka 0.45 hivi. Nilimwita utingo uani, nikamwambia atembee hatua ishirini kama alivyotembea siku ile, mara tatu, nikapima kwa tepu. Hatua yake ilitoka sentimita 78. Kwa hiyo hatua 41 ni mita 32. Weka 0.7 na mita 32 kwenye hesabu, unapata kilomita 75 kwa saa. Na huo ni mwendo wa chini kabisa, maana pikapu haikusimamishwa na breki, ilisimamishwa na lori. Mwendo uliobaki wakati wa kugonga haumo kwenye mchirizi.

Sasa chukua ripoti ya dereva. Aliandika kwamba mvua ilikuwa inanyesha na kwamba breki zilikuwa "kama mita ishirini". Weka 0.45 na mita 20: unapata kilomita 48. Mahali penye kibao cha 50, ripoti ya dereva wetu mwenyewe ilikuwa inamsafisha mwenzake kabisa kuhusu mwendo. Maneno mawili, mvua na ishirini, yaliondoa kilomita 27. Mvua ni kweli ilinyesha, ila baadaye, na yeye aliloa akisubiri winchi, kwa hiyo kumbukumbu yake ya mahali pale ni ya mahali palipolowa. Mita ishirini ni kukadiria usiku kwa macho, mtu amesimama upande mmoja wa lori.

Ndiyo maana nikiwafundisha madereva na mautingo sianzi na majina, leseni wala namba za bima. Hivyo vyote vitakuwepo kesho. Namba ya gari haitafutika, leseni haitayeyuka. Kinachofutika ni hali ya barabara, michirizi, vipande vilivyolala chini, mahali magari yalipokaa kabla hayajasogezwa, taa na swichi kabla mtu mwenye nia njema hajazizima, na kile shahidi alichokiona kabla hajaongea na mashahidi wengine. Kama watu wako salama, yaani taa za hatari zinawaka, pembetatu au matawi yamewekwa mbali nyuma, majeruhi ana mtu wa kumshughulikia, basi kalamu iende kwenye hivyo kwanza. Maisha ya mtu yanatangulia karatasi daima. Kama uko peke yako na majeruhi, kaa na majeruhi.

Lami ukiijua kuisoma inaeleza mengi. Mchirizi ulionyooka ni wa gari iliyofunga breki. Mchirizi uliopinda, wenye mistari midogo iliyolala upande ndani yake, ni wa gari iliyokuwa inayumba na kuteleza kwenda ubavuni huku magurudumu yanazunguka, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo neno "imenyooka" kwenye karatasi ya utingo si la kupuuza. Gari zenye breki za ABS huacha alama hafifu, saa nyingine zilizokatika, na unaweza usizione kama umesimama juu yake. Chuchumaa, tazama kwa mbali ukielekea upande wa mwanga. Usipoona kitu, andika "sijaona michirizi". Usiandike "hakufunga breki", kwa sababu hilo hulijui.

Mchubuko ndio ulionisaidia kuliko yote. Gari mbili zikigongana kwa nguvu, chuma cha chini huzama kwa sekunde ndogo na kuchimba lami. Wakati huohuo tope lililokauka chini ya madigadi hudondoka palepale. Vioo husambaa mbali kufuata mwelekeo wa gari, kwa hiyo peke yake havikuambii mahali pa kugongana, lakini mchubuko na tope kavu vikiwa pamoja vinakuambia. Dereva wetu aliandika kwamba wakati anagongwa kichwa cha lori kilikuwa tayari kiko kwenye geti la kituo, yaani alikuwa ameshamaliza kuvuka. Karatasi ya utingo ilisema mchubuko uko hatua mbili tu kulia kwa mstari wa kati. Hiyo ni kama mita moja na nusu. Lori lilikuwa ndiyo kwanza linaingia upande wa pili. Dereva alikumbuka mahali lilipo*simama*, kwa sababu ndipo alipofungua mlango akashuka. Lilipogongwa liliendelea kujiburuza mpaka getini. Kosa hili nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba sasa nalitafuta katika kila ripoti: mtu anaeleza mahali pa kusimama akidhani anaeleza mahali pa kugongana. Kwenye karatasi viandikwe mbalimbali, "imegongwa hapa" na "imesimama hapa".

Kila kipimo kianzie kwenye kitu ambacho kesho kitakuwa kipo. Kibao, nguzo ya kilometa, nguzo ya umeme yenye namba, ukingo wa kalvati. Niliwahi kupokea ripoti iliyopima kila kitu kuanzia "mahali genge la matunda lilipo". Muuzaji alikuwa ameshahama. Hatua zinatosha, tepu si lazima, mradi mtu aliyezitembea apatikane baadaye apimwe hatua yake. Na kwa kila kitu unachopima, chukua vipimo viwili: umbali kufuata barabara kutoka kwenye alama yako, na umbali kutoka mstari wa kati au ukingo wa lami. Ukiwa na hivyo viwili, mchoraji yeyote anaweza kukirudisha kitu mahali pake. Ukiwa na kimoja, kinaelea.

Kulia na kushoto vinahitaji neno "ukielekea". Kulia kwa nani? Utingo aliandika "ukienda Moro" mara moja mwanzoni, ikatosha. Barabara zetu zina madereva wa Rwanda na Burundi ambao kwao gari hupita upande wa kulia, na nimeona maelezo ambayo "upande wangu" wa dereva mmoja ulieleweka ofisini kuwa upande wa mwenzake. Jina la mji unaoelekea humaliza ubishi huo.

Kuna jambo la saa ambalo linatuhusu sana sisi tunaosema Kiswahili. Utingo aliandika saa mbili mbili, 11:52 jioni na 17:52, kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha, na sababu ni hii: saa zetu zinaanzia alfajiri na usiku, saa za simu zinaanzia katikati ya usiku, na tofauti ni saa sita kamili. Mtu akiandika "saa 2:40" bila kusema ni asubuhi au usiku, wala kama ni ya kwetu au ya simu, nyakati nne zinawezekana. Kifaa cha kufuatilia gari kinarekodi kwa saa 24, hospitali wanaandika kwa saa 24, na shahidi anasema "saa mbili kasoro". Karani akigeuza mara moja tu bila kuuliza, ajali inaonekana imetokea baada ya majeruhi kupokelewa. Tarehe nayo ina mtego wake. Ajali ya saa 7 usiku, yaani 01:00, watu huiita ya jana usiku. Wewe utaandika Jumanne, simu itasema Jumatano. Andika "usiku wa kuamkia Jumatano", kisha tarehe ya simu pembeni yake.

Andika pia saa hiyo umeipata wapi. Kama ni saa ya ajali au ni saa uliyoangalia simu, sema. Utingo aliangalia simu baada ya kumtoa dereva wa pikapu, kwa hiyo 17:52 ni dakika kadhaa baada ya mgongano, na kifaa cha lori kilionyesha lilisimama 17:47. Zile dakika tano hazikutusumbua kwa sababu alipoulizwa alijua hasa alichokiandika.

Picha zinasaidia sana na hazichukui nafasi ya kalamu. Piga kwanza za mbali zinazoonyesha alama ya kudumu na magari katika fremu moja, ndipo usogee. Picha ya karibu ya mchubuko bila ya mbali inaweza kuwa ya barabara yoyote Tanzania. Weka kiatu au kalamu pembeni ya kitu ili ukubwa ueleweke. Na zihifadhi kwenye simu iliyozipiga. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, hupunguzwa ukubwa na zile taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani ya faili huondolewa, kwa hiyo anayepokea anabaki na picha isiyo na siku. Zitume kama hati, na ile ya kwanza usiifute.

Mashahidi wanataka uangalifu zaidi kuliko lami, kwa sababu lami haibadiliki kwa kuulizwa vibaya. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza magari yalikuwa mwendo gani. Walichobadilisha ni kitenzi tu. Waliosikia neno zito, kama tungesema "yalipobamizana", walikadiria kwa wastani karibu kilomita 66 kwa saa. Waliosikia neno jepesi, kama "yalipogusana", walikadiria karibu 51. Filamu zilikuwa zilezile. Sasa fikiria sisi tunavyouliza kando ya barabara: "Mama, umeona ile pikapu ilivyokuja kama risasi?" Mama wa watu atajibu nini?

Swali la kwanza liwe la mahali pake yeye: "Shikamoo mama. Ulikuwa umekaa wapi, na ulikuwa unatazama wapi kabla hujasikia chochote?" Halafu nyamaza, andika kwa maneno yake. Mama wa mahindi alisema alisikia breki ndipo akageuka. Sentensi hiyo moja ilikuwa na thamani kubwa kwa sababu ilitueleza kikomo cha ushahidi wake: aliona mgongano, lakini hakuona kama lori liliwasha indiketa mapema. Wiki mbili baadaye alipohojiwa, alieleza kwa uhakika kwamba lori lilikata ghafla bila ishara. Sidhani kama alisema uongo. Kijiji kizima kilikuwa kimeshasimulia ajali ile kila jioni, na yeye alikuwa amesikia. Maneno yake ya dakika za mwanzo yalikuwa yameandikwa, alisomewa, akatulia kidogo, akasema, "Kweli, mimi niligeuka baada ya kelele."

Kwa hiyo chukua namba ya simu ya shahidi kabla ya maelezo yake. Watu huondoka. Bodaboda huondoka wa kwanza, naye mara nyingi ndiye aliyeona vizuri kwa kuwa alikuwa anaangalia barabara.

Kuhusu majeruhi andika machache na andika unachokiona: alikuwa amekaa kiti gani, amefunga mkanda au la, nani kamtoa, kapelekwa hospitali gani, kwa gari gani, saa ngapi. Ukiandika "amevunjika mbavu" umejifanya daktari, na fomu ya PF3 itakapojazwa ikisema vingine, ripoti yako nzima inaanza kutiliwa shaka. "Anashika ubavu wa kushoto, anapumua kwa shida" inatosha na hakuna wa kuipinga.

Nirudi kwenye ile indiketa, kwa sababu hapo ndipo dereva wetu alinikasirikia. Utingo aliandika mambo matatu kuihusu. Ya kichwa inawaka, nimeona mimi. Kabla ya kugonga sijui. Ya trela haiwaki, ina tope. Mstari wa tatu ulituumiza. Aliyekuwa nyuma ya trela, jua likimpiga usoni, hakuwa na ishara yoyote ya kuona kutoka upande wa kulia wa nyuma. Dereva alitaka mstari ule usifike kwa watu wa bima. Alisema taa imekufa kwa sababu ya ajali yenyewe.

Sikuuondoa. Mkaguzi wa magari alipofungua taa ile alikuta waya umekatika na ncha zake zina kutu ya kijani, kutu ambayo haiwezi kuota kwa siku tatu. Waya ulikuwa umekatika zamani. Jambo lingejulikana kwa vyovyote, na kama lingejulikana baada ya sisi kulificha, hakuna mtu angeamini zile hatua 41, wala mchubuko, wala lami kavu. Yote yalikuwa yameandikwa na mkono uleule, kwenye karatasi ileile. Mwishoni kosa liligawanywa: pikapu kwa mwendo na kuovateki penye mstari usiokatika, sisi kwa taa.

Na lile "sijui" lilifanya kazi yake pia. Kwenye mahojiano, mtu wa bima ya upande wa pili alimbana utingo sana akubali kwamba indiketa iliwashwa baada ya kugongwa. Alijibu alivyokuwa ameandika: ameiona inawaka aliposhuka, kabla ya hapo hajui. Ndugu yule akafunga daftari akahamia swali jingine.

Ripoti rasmi inapokuja kuandikwa kesho yake, fungua nukuu pembeni na uandike kutoka humo. Kinachotoka kwenye nukuu kiandikwe kama kilivyo, na kinachotoka kichwani baadaye kiandikwe kuwa "nimekumbuka baadaye". Ukikosea kwenye nukuu, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika sahihi pembeni. Usifute kwa wino, usichane ukurasa, wala usinakili upya ili ipendeze. Karatasi ya utingo ilikuwa na alama ya kidole chenye grisi na namba moja iliyokatwa, 12:52, akaandika 11:52. Niliipiga kopi, nikaiweka yenyewe kwenye bahasha ya jalada, na kopi nikaibana nyuma ya ripoti ya dereva, ambaye nilimwomba aiandike upya kwa kutumia nukuu zile. Mara ya pili iliishia nusu ukurasa.